Mama, Mkalimani wa Mtu Mwingine

Nilianza kumwonea wivu yule msichana kabla sijamwona hata uso.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mimi nikiwa kidato cha tatu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya rundo la sweta kwenye kibanda chetu cha mitumba pale soko la Daraja Mbili, Kisii, mahali ninapopenda kukaa kwa sababu wateja hawanioni na sihitaji kusema na mtu. Karani wa mahakama alikuja. Ni mteja wa Mama wa siku nyingi, hununua blauzi nyeupe. Siku hiyo hakugusa blauzi.

"Mama, ile lugha unayosemaga na wale wanawake wa maziwa," alisema, "unaijua yote ama ni ya kununulia tu?"

Mama akacheka. "Nilizaliwa nayo."

"Basi hakimu anakutafuta."

Akaeleza. Kuna msichana wa Kipsigis ameletwa kortini, mfanyakazi wa nyumbani kule upande wa Sironga, ameshtakiwa kwa kuiba mtoto wa mwajiri wake. Walimsomea mashtaka kwa Kiswahili, akatikisa kichwa kukubali. Wakamsomea tena polepole, akatikisa. Halafu hakimu akamwuliza, "Unaitwa nani?" Akatikisa kichwa vilevile.

"Hakimu aliweka kalamu chini," karani alisema. "Akasema hawezi kuandika kwamba mtu amekiri kosa hali hajui amekiri nini. Ni lazima apate mkalimani, na si yeye atakayemlipa. Mwenzetu aliyekuwa anajua Kipsigis alihamishwa. Sasa ni wewe."

Mama alikunja suruali moja ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Kisha akasema atakuja, na nikaona ameinua kidevu, kama mtu aliyesifiwa.

Hapo ndipo wivu ulipoanza, na ni lazima nieleze kwa nini. Mama ni Mkipsigis aliyeolewa Kisii. Alipoletwa nyumbani kwetu karibu na Keumbu, mama yake baba, ambaye sisi tunamwita Magokoro, alimwambia kwamba ndani ya boma lile husemwa lugha moja. Mama akajifunza Ekegusii mpaka leo wageni hawajui kwamba si Mgusii. Sisi watoto tulinyonya, tukatambaa, tukachapwa, yote kwa Ekegusii. Kiswahili tulikipata shuleni, Kiingereza pia. Lugha ya Mama hatukupewa. Aliitumia kwa simu tu, akiongea na dada yake, na alikuwa anatoka nje hadi kwenye shamba la majani chai ili asisikike. Mimi nilikuwa ninasimama dirishani kumtazama. Kule kwenye chai alikuwa anacheka kicheko ambacho ndani ya nyumba hakiko. Nilipokuwa darasa la sita nilimwomba anifundishe kuhesabu mpaka kumi. Alisema, "Itakusaidia nini?" Sikuomba tena.

Sasa mtu asiyemjua alikuwa anapewa yote, bure, na serikali.

Siku ya kwanza niliachwa kuangalia kibanda. Niliwaomba majirani wa ndizi wanitazamie vitu, nikaenda mjini, nikaingia kortini nyuma ya watu waliokuja na kesi zao za mashamba, nikakaa kwenye benchi la mwisho. Mama alikuwa amevaa suti ya kanisani. Walimwapisha kwanza, na hilo lilinishangaza, maana nilidhani ni mashahidi tu wanaoapa. Akashika Biblia akaapa kwamba atatafsiri kwa ukweli na kwa ukamilifu yote yatakayosemwa. Kisha akasimama karibu na kizimba, bega kwa bega na msichana.

Alikuwa mdogo. Miaka kumi na tisa, walisema, lakini sweta lilikuwa limemzidi mikono na alikuwa anainama kama mimi ninavyoinama nikiitwa mbele ya darasa. Mama akamwambia neno moja la salamu, "Chamgei." Msichana akainua uso haraka sana, akamtazama Mama vile mtu anavyotazama mlango uliofunguliwa. Nilitamani kuondoka.

Mashtaka yakasomwa upya. Karani anasoma kipande, Mama anakigeuza, anangoja. Safari hii msichana hakutikisa kichwa. Alisema, na Mama akasema kwa sauti: "Si kweli. Sikumwiba mtoto. Nilikuwa ninampeleka kwa daktari."

Hakimu, mwanamke mwenye miwani, akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Akaandika pia lugha iliyotumika, na kwamba kuna mkalimani. Niliona jinsi jambo hilo lilivyokuwa jembamba. Juzi, kichwa kile kile kikitikiswa mbele ya hakimu mwenye haraka, msichana angekuwa anasubiri kifungo.

Lakini sikuwaza hilo kwa muda mrefu. Niliwaza lile neno "nilikuwa". Nilikuwa nimetegemea Mama aseme, "Anasema kwamba alikuwa." Kumbe mkalimani hasemi hivyo. Mkalimani husema "mimi". Mama yangu, mbele ya watu wote, alikuwa anasema "mimi" na si yeye, na si mimi pia. Alikuwa amejivua akamvaa mtoto wa mtu mwingine.

Dhamana aliwekewa, lakini hapakuwa na mtu wa kumdhamini. Akarudishwa rumande ya wanawake.

Kesi ikaanza kusikilizwa juma lililofuata, na nikaenda tena. Mwajiri alitoa ushahidi kwa Ekegusii. Karani akaugeuza kwa Kiingereza kwa ajili ya hakimu na kiongozi wa mashtaka, na Mama akaunong'ona kwa Kipsigis sikioni mwa msichana. Ekegusii, Kiingereza, Kipsigis, kila sentensi ikipita mikono mitatu. Mwajiri alisema aliondoka asubuhi kwenda kuuza nguo za watoto mjini, akaacha mtoto wa miezi minane na msichana. Simu yake ikazima. Jioni akapigiwa na polisi kwamba msichana amekamatwa Chepilat, karibu kabisa na kuvuka mpaka kwenda kwao, mtoto akiwa mgongoni.

"Alikuwa anaenda kumuuza ama kumfanya wake," mwajiri alisema. "Hao watu tunawajua."

Nilimwangalia Mama. Hao watu walikuwa ni yeye. Alinong'ona yote, hakuruka kitu, na uso wake haukubadilika.

Saa ya chakula kesi ikasimamishwa. Mama hakuja kwangu. Alikwenda nyuma, kwa mahabusu ya korti, akazungumza na askari, na askari akamruhusu. Alikuwa na chupa ya mursik, yale maziwa yao ya mgando, aliyoinunua kwa wanawake wa maziwa. Kwetu mursik haiingii, Magokoro anasema inanuka majivu. Niliwaona kupitia kwa nondo. Mama alikuwa anamimina kwenye kifuniko na msichana anakunywa, na wanaongea, wanaongea. Kisha nikasikia kile kicheko cha kwenye chai.

Nyumbani, tukila, Mama alisema, "Yule mtoto wangu wa kortini leo amekula." Alisema hivyo tu huku akinyoosha mkono kuchukua mboga. Mtoto wangu wa kortini. Hakuna aliyeniangalia nikisukuma sahani.

Sasa nitaandika kitu ambacho sijakiandika popote. Sabato iliyofuata, tukitoka kanisani, Magokoro alinishika mkono ili nimsaidie kwenye mteremko. Aliniuliza, "Mke wa mwanangu anafanya nini huko kortini, hata nyumba imemshinda?"

Mimi ni mtu wa kujibu "sijui". Hiyo ndiyo sifa yangu, walimu wote wanaijua. Siku hiyo nilijibu.

"Anamlisha mshtakiwa," nikasema. "Anampelekea mursik. Anamwita mtoto wangu."

"Mtoto wangu?"

"Ni wa kwao. Wa ukoo wao."

La ukoo nililiongeza mimi. Mama alikuwa amesema tu kwamba msichana anatoka bonde linalopakana na la kwao. Na nilijua ninachofanya. Nilijua kwamba mashemeji za yule mwajiri wanasali kanisa letu, na kwamba Magokoro hukaa nao kivulini baada ya ibada akiongea. Sikumwambia aende. Nilimwachia tu mkono, naye akaenda.

Siku ya kusikilizwa tena, kabla shahidi hajaitwa, kiongozi wa mashtaka alisimama. Alisema mlalamikaji ana wasiwasi. Amesikia kwamba mkalimani ni jamaa ya mshtakiwa, na kwamba amekuwa akimletea chakula na kuzungumza naye kando.

Hakimu akamgeukia Mama. "Ni kweli?"

"Si jamaa yangu, Mheshimiwa. Hatuna ukoo mmoja. Nilimjulia hapa."

"Na chakula?"

"Nilimpa maziwa."

"Mlizungumza?"

Mama angeweza kusema hapana. Ni nani mwingine pale aliyejua Kipsigis? Alisema, "Nilimwambia asiogope. Nilimwambia akisimama pale aseme kila kitu, nami nitakisema chote."

"Kuhusu ushahidi, ulimshauri?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Hakimu alivua miwani akaifuta. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama, sina sababu ya kusema umetafsiri uongo. Lakini mkalimani si wa upande wowote. Huyu mama aliyepoteza mtoto siku nzima anapaswa kuamini kila neno linalotoka kinywani mwako kama anavyoliamini mshtakiwa. Sasa haamini. Siwezi kuendelea nawe. Nitaomba mkalimani mwingine kutoka mahakama nyingine, na shahidi aliyekwisha kusema ataitwa tena aanze upya, ili pasiwe na shaka kwa yeyote."

Akaahirisha kesi kwa majuma matatu. Msichana angerudi rumande kwa majuma mengine matatu.

Yeye alikuwa anatazama midomo ya watu, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kwa dakika hizo Mama alikuwa anajibu maswali yake mwenyewe na hapakuwa na mtu wa kumgeuzia. Hakimu aliona. "Mweleze," alisema. "Mweleze niliyosema, yote. Iwe kazi yako ya mwisho hapa."

Mama akamweleza. Sijui Kipsigis lakini nilijua ni wapi amefika. Msichana alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Aliuliza kitu kifupi. Mama akamgeukia hakimu: "Mshtakiwa anauliza: nimekosa nini tena?"

"Mwambie hajakosa. Ni utaratibu wa kumlinda yeye pia."

Nilifikiri nitafurahi. Mama alikuwa amerudishwa. Tulitembea pamoja hadi Daraja Mbili, yeye mbele, suti ya kanisani ikishika vumbi kwenye pindo, na hakunisemesha. Kwa majuma yale matatu aliuza sweta kimya. Hata dada yake akipiga simu hakutoka kwenda kwenye chai, aliiacha iite mpaka inyamaze. Nilikuwa nimepata nilichotaka, nacho kilikuwa mama aliyekaa palepale, mdomo umefungwa kwa lugha zote. Na bado wivu haukuisha, ajabu yake ni hiyo. Nilikuwa ninamwonea wivu msichana hata kwa ule ukimya, maana alikuwa anakumbukwa yeye.

Usiku sikulala vizuri. Nilijaribu kufikiria kukaa ndani bila mtu hata mmoja wa kukuambia leo ni siku gani.

Mkalimani mpya alitoka upande wa Sotik, mzee wa mahakama, sauti nzito, viatu vinavyong'aa. Shule zilikuwa zimefunguliwa, lakini Mama akaniambia asubuhi hiyo, "Twende." Aliniambia mimi. Tukakaa benchi moja la nyuma. Mwajiri akarudia ushahidi wake, na safari hii hakusema lile la hao watu. Polisi aliyemkamata akaulizwa na hakimu mtoto alikuwa na hali gani. Alipekua karatasi zake, akakubali kwamba alikuwa moto sana, na kwamba kutoka kituoni walimpeleka hospitali, akatibiwa malaria.

Kisha msichana akajitetea. Akasema kwa muda mrefu, kwa sauti ndogo, mikono ikimwonyesha mtoto ambaye hakuwepo. Mzee akasubiri, akatamka: "Mtoto aliugua, nikampeleka hospitali."

Mama alishtuka hadi goti lake likanigonga. "Hajasema hivyo tu," alininong'oneza. "Amesema mengi." Mikono yake ilikuwa imekamata ukingo wa benchi. Nilijua hawezi kusimama, na nilijua ni nani aliyemfanya asiweze.

Hakimu akainua kichwa. "Mzee, yeye amesema dakika tatu. Wewe umenipa sentensi moja. Mahakama haitaki muhtasari. Mwombe aseme vipande vipande, na kila kipande unipe kizima."

Mzee akaomba radhi, na wakaanza tena. Ndipo tukasikia. "Mtoto alikuwa anatetemeka, macho yamegeuka meupe. Nilitoka nje nikaita. Nilikwenda kwa jirani wa kwanza, nikasema maneno niliyoyajua, 'njoo' na 'mtoto'. Alidhani ninacheza, akacheka, akampa mtoto ndizi. Nilikwenda kwa wa pili, mlango umefungwa. Simu ya mama wa mtoto haikushika. Hospitali ya karibu ninaijua, lakini ningewaambia nini? Wangeniuliza ameanza lini, amekula nini, ningetikisa kichwa. Nikafikiri, nimpeleke mahali ambapo nikisema watanisikia. Kwetu kuna zahanati. Nikapanda pikipiki."

Mwajiri alikuwa amejifunika mdomo kwa leso.

Uamuzi ulitolewa siku nyingine, tukiwa mapumziko ya katikati ya muhula. Hakimu alisoma kwa Kiingereza, akisimama kila baada ya sentensi mbili ili mzee ageuze. Alisema upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba mshtakiwa alikusudia kumnyang'anya mama mtoto wake. Alisema aliyebeba mtoto mgonjwa mchana kweupe, barabarani, kuelekea zahanati, anaweza kuwa amekosea njia bila kuwa mwizi. Akamwachilia. Msichana alisikia la mwisho kwa Kipsigis, akakaa chini pale pale kizimbani, askari akamwinua taratibu.

Nje, kwenye ngazi, msichana alikuwa anamngoja kaka yake, aliyefika siku hiyo kwa mara ya kwanza na sasa amekwenda kutafuta gari. Mama alimkumbatia. Walisema mengi nami nikasimama pembeni na ule moto wangu wa zamani kifuani. Halafu msichana akanigeukia. Akanishika mikono yote miwili, akaniambia maneno mengi, akinitazama machoni, jambo ambalo mimi siliwezi.

Mama akasema, kwa Ekegusii, bila kufikiri, kama alivyozoea: "Nimekuona kila siku ukikaa kule nyuma. Sikuwa na mtu wangu hata mmoja pale. Nikawa ninajiambia, yule wa benchi la mwisho amekuja kwa ajili yangu. Ninakushukuru."

Ningeweza kutikisa kichwa. Ni kitu rahisi kuliko vyote duniani, ninakijua.

"Mwambie ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?" Mama akauliza.

"Mwambie ni mimi niliyekwenda kusema habari za maziwa. Nilimwambia Magokoro. Nikaongeza uongo kwamba ni wa ukoo wako. Nilijua jamaa za mwajiri watapelekewa. Nilitaka wakutoe. Mwambie zile wiki tatu alizoongezewa rumande ni mimi."

Watu walikuwa wanapita kati yetu na mafaili yao. Niliona neno likija usoni pa Mama, la hasira, likafika kwenye midomo, na akalirudisha. Kisha akamgeukia msichana, akasimama wima vile alivyosimama siku ile ya kiapo, akaanza. Alisema polepole, kipande kwa kipande, na hakunipunguzia kitu. Nilijua, kwa sababu ilichukua muda mrefu sawasawa na wangu.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi kusema Kipsigis, kwa mdomo wa Mama.

Msichana aliachia mikono yangu. Hakunitukana. Alisema maneno machache, akatazama barabarani kaka yake alikokuwa anapunga mkono, akashuka ngazi akaenda.

"Amesema nini?" nikauliza.

Mama alikuwa anafuta uso kwa kiganja. "Amesema, hata mimi ningekuwa na mama hapa, ningemlinda hivyo asichukuliwe." Akashuka ngazi moja. "Sisi wawili tutaongea nyumbani. Si leo."

Tulianza kutembea kuelekea Daraja Mbili. Safari hii hakuwa mbele, lakini pia hakunishika mkono.